Nusu Milimita ya Hewa

Amerisiamu-241, ile chembechembe ya madini ya mionzi iliyomo ndani ya ving'amuzi vingi vya moshi, hutoa chembe za alfa zenye nishati zinazokaribiana sana. Katika kila chembe 100, karibu 85 hutoka na nishati ya MeV 5.486, na 13 hivi hutoka na MeV 5.443. Nyingi ya zilizobaki huwa chini kidogo, kwenye 5.388. MeV ni elektronivolti milioni moja, kipimo ambacho wanafizikia hutumia kwa vitu vidogo kama viini vya atomu. Tofauti kati ya kundi la kwanza na la pili ni keV 43 tu, yaani elektronivolti elfu arobaini na tatu, na anayetaka kuyaona makundi hayo mawili kwenye skrini yakiwa yametengana lazima aipime nishati kwa uangalifu usiozidi kasoro hiyo. Sasa, chembe ya alfa ikipita katika nusu milimita ya hewa ya kawaida, hewa hii tunayovuta, hupoteza takriban keV 45. Hewa nyembamba kuliko unene wa ukucha inatosha kuumeza utofauti wote.

Ndiyo maana kifaa cha kupimia nishati ya alfa hufungiwa ndani ya chungu cha chuma chenye kifuniko, pampu ikanyonya hewa yote kwanza ndipo kazi ianze. Lakini hewa ni mwizi mmojawapo tu njiani, na ili kuelewa kwa nini anaogopwa hivyo ni vema kuanzia kule chembe inakokwenda, ndani ya kigunduzi chenyewe.

Alfa ni kiini cha heliamu: protoni mbili na nyutroni mbili zilizoshikamana, zenye chaji chanya mbili. Ni nzito na ina chaji kubwa, kwa hiyo kila inapopita huzing'oa elektroni za atomu ilizo karibu nazo, na kila elektroni inayong'olewa huigharimu nishati kidogo. Mfano wake ni mtu aliyekwenda sokoni na fedha taslimu, wewe ukataka kujua alitoka nyumbani na shilingi ngapi. Huwezi kumpekua, ila unaweza kuhesabu alizotumia. Hesabu itakuwa sahihi iwapo tu atazitumia zote, hadi senti ya mwisho, katika duka moja ambalo daftari lake unalo wewe. Akinunua karanga njiani, au akitokea mlango wa nyuma na chenji mfukoni, umekosea.

Duka hilo, kwa kigunduzi chetu, ni tabaka jembamba ndani ya kipande cha silikoni.

Silikoni ni nusu-kipitishi. Haipitishi umeme kwa urahisi kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama kioo. Kipande kinachotumika hapa ni kisahani chembamba chenye upana wa sarafu, kilichokatwa kutoka kwenye fuwele safi sana ambayo imetiwa uchafu kidogo wa makusudi ili iwe na elektroni chache huru. Uso wake husafishwa kwa tindikali, huachwa ushikwe na hewa kidogo, kisha juu yake hufukizwa dhahabu nyembamba mno, unene wa nanomita 20 hivi. Ni nyembamba kiasi kwamba mwanga hupenya. Upande wa nyuma huwekwa alumini. Pale dhahabu inapokutana na silikoni hujengeka kizuizi cha umeme: mkondo hupita kwa urahisi kuelekea upande mmoja, na kuelekea upande wa pili hukwama. Kwa sababu kizuizi hicho kiko usoni kabisa, kifaa huitwa kigunduzi cha kizuizi cha uso. James Mayer na Ben Gossick walionyesha mwaka 1956 kwamba dhahabu iliyotandazwa juu ya nusu-kipitishi inaweza kupima nishati za alfa. Wao walitumia jerimaniamu, na miaka michache baadaye silikoni ikachukua nafasi yake, maana yenyewe hufanya kazi vizuri bila kupoozwa.

Ukiunganisha betri kwa namna ya kinyume, yaani ule upande ambao mkondo hukwama, elektroni huru zilizo karibu na dhahabu huvutwa nyuma. Linabaki tabaka lisilo na chaji yoyote ya kutembea, kavu kabisa kiumeme, na ndani yake kuna uga wa umeme wenye nguvu. Hilo ndilo duka. Chembe ya alfa ikiingia humo na kuzing'oa elektroni, elektroni hizo hukimbilia upande mmoja na nafasi zilizoachwa wazi hukimbilia upande mwingine, na kifaa huhesabu chaji yote iliyofika. Katika silikoni kila elektroni inayong'olewa hugharimu wastani wa elektronivolti 3.6. Kwa hiyo alfa ya amerisiamu, ikitumia nishati yake yote pale, huachilia elektroni takriban milioni moja na nusu. Hewani kila moja ingegharimu karibu mara kumi ya hapo. Elektroni nyingi maana yake ni hesabu isiyoyumba, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya silikoni kupendwa kuliko vyumba vya gesi vya zamani.

Alfa ikitua nje ya tabaka hilo kavu, chaji zinazozaliwa huko hazina uga wa kuzisukuma. Baadhi hutangatanga na kuingia kwa bahati, nyingine hukutana na kuuana kabla ya kuhesabiwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kila anayetumia kigunduzi hiki ni moja: tabaka langu lina kina gani?

Jibu hutegemea mambo mawili, ukinzani wa silikoni na volti unazoweka. Kwa silikoni ya aina hii, mafundi hutumia kanuni ya mkononi:

d ≈ 0.5 × √(ρ × V)

Hapo d ni kina kwa maikromita, ρ ni ukinzani kwa omu-sentimita, na V ni volti, pamoja na ile nusu volti hivi ambayo mpaka wa dhahabu na silikoni hujitengenezea wenyewe. Tuseme silikoni yetu ina ukinzani wa omu-sentimita 1000. Bila betri yoyote, nusu volti ile peke yake hutoa kina cha maikromita 11. Alfa ya MeV 5.486 husafiri maikromita 28 hivi ndani ya silikoni kabla ya kusimama, chini ya nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Kwa hiyo bila betri duka ni dogo: chembe hutumia humo MeV moja na nusu au zaidi kidogo, kisha hutokea mlango wa nyuma na sehemu kubwa ya fedha. Tena alfa hutumia kwa fujo zaidi inapokaribia kusimama, kwa hiyo kinachopotea ni ile sehemu nono ya safari. Ukiwasha kifaa katika hali hiyo utaona kilele, lakini kitakuwa kimesogea chini na kimetanuka kama kimekanyagwa.

Panda volti polepole na kilele kitapanda nacho, kikijikusanya. Kwa hesabu yetu, volti 3 na kidogo zinatosha kufikisha kina kwenye maikromita 28. Ukiwa na subira ya kupanda hatua kwa hatua huku ukiandika mahali pa kilele, utaona mchoro unaopanda kwa kasi, kisha unajikunja na kulala karibu tambarare. Pale unapolala ndipo alfa zilipoanza kuishia ndani ya tabaka. Ni kipimo cha nusu saa tu, na ni njia nzuri ya kujua kama kigunduzi cha zamani bado kina uhai.

Hapa msomaji makini atauliza: kama volti 3 zinatosha, mbona maabara huweka 50 au hata 100? Kwa volti 50 kina hufika maikromita 112, mara nne ya safari ya alfa. Si ubadhirifu. Kigunduzi hiki ni kapasita: sahani mbili na tabaka kavu katikati. Tabaka likiwa jembamba, kapasita huwa kubwa, na kapasita kubwa huongeza kelele katika amplifaya ya kwanza, ile mitetemo midogo ya umeme inayotanua kilele. Kigunduzi chenye eneo la sentimita 3 za mraba kina pikofaradi zaidi ya 1000 tabaka likiwa maikromita 30, na kikifikishwa maikromita 112 hushuka hadi chini ya 300. Sababu ya pili ni kwamba alfa huacha nyuma yake mstari mnene wa chaji zilizosongamana. Uga ukiwa dhaifu, chaji hizo hupata muda wa kuungana tena kabla ya kutenganishwa. Volti za ziada huzivuta haraka.

Kuna mwisho wa kupanda, hata hivyo. Kila kigunduzi huvujisha mkondo kidogo, na mkondo huo huongezeka na volti. Betri huunganishwa kupitia kikinza kikubwa, tuseme megaomu 10. Kigunduzi chenye afya kinachovujisha nanoampea 100 kitapoteza volti moja tu kwenye kikinza hicho. Kilichozeeka au kilichoguswa kwa kidole kikavujisha maikroampea moja kitapoteza volti 10, na namba unayoisoma kwenye kitufe cha volti si ile iliyopo kwenye silikoni. Mimi ningeshauri kila maabara ibandike karatasi ukutani ya mkondo unaovuja wa kila kigunduzi. Mkondo ukianza kupanda siku hadi siku kwa volti zilezile, kigunduzi kinaugua hata kama kilele bado kinapendeza.

Duka sasa ni kubwa la kutosha. Tugeukie karanga za njiani.

Kabla ya kuingia kwenye tabaka kavu, alfa hupita dhahabu. Ikija wima, dhahabu ile nyembamba hutoza takriban keV 9. Kwa bahati nzuri ada hii inaweza kupimwa bila kubomoa chochote. Inamisha kigunduzi kwa nyuzi 60, na njia ya chembe ndani ya dhahabu inakuwa ndefu mara mbili. Kilele hushuka kwa kiasi kilekile ambacho dhahabu hutoza ikiwa wima. Chanzo chenyewe nacho hutoza: kikiwa kimepakwa kwa unene, alfa zinazotoka chini kabisa hupoteza nishati ndani ya chanzo, na kilele huota mkia mrefu upande wa chini. Mkia wa aina hiyo hauponi kwa kuongeza volti wala kwa kupampu zaidi. Tatizo liko kwenye sahani ya sampuli.

Halafu kuna hewa. Alfa ya amerisiamu husafiri sentimita 4 hivi hewani kisha inasimama, na mwanzoni mwa safari hupoteza karibu MeV 0.9 kwa kila sentimita. Mtu anaweza kufikiri: basi tuijue hasara hiyo na tuiongeze kwenye hesabu, tuachane na gharama za pampu. Haiwezekani, kwa sababu hasara hailingani kwa chembe zote. Weka chanzo kidogo sentimita moja mbele ya kigunduzi chenye nusu-kipenyo cha sentimita moja. Chembe inayokwenda katikati hupita sentimita 1 ya hewa. Inayokwenda ukingoni huenda kimshazari na kupita sentimita 1.4, ikapoteza karibu MeV 0.4 zaidi ya mwenzake. Hapo tayari makundi ya amerisiamu yametapakaa katika upana mara tisa ya tofauti iliyokuwa kati yao. Hata ukizuia zote isipokuwa zile za katikati, bado kila chembe hugongana na elektroni za hewa kwa bahati yake: moja mara nyingi kidogo, nyingine mara chache. Katika sentimita moja bahati hiyo peke yake hutanua kilele kwa zaidi ya keV 40. Hasara ya wastani unaweza kuirudisha kwa hesabu, lakini mtawanyiko ukishatokea hakuna hesabu ya kuurudisha.

Pampu ya kawaida ya mzunguko inatosha kumaliza ugomvi huu. Shinikizo la hewa tunamoishi ni milibari 1000 hivi. Lipunguze hadi milibari moja, na hasara hupungua mara elfu: kwa pengo la sentimita moja hubaki keV 0.9, chini sana ya keV 12 hadi 20 ambazo kigunduzi chenyewe hutanua kilele. Kwa pengo la sentimita 4 ni keV 3.6. Ukifika sehemu ya kumi ya milibari, hewa huwa imetoka kwenye orodha ya washukiwa. Hakuna haja ya ombwe la kifahari linalotafutwa na mashine nyingine za fizikia. Mwezini ombwe linapatikana bure: chombo cha Surveyor 5 kilipotua huko Septemba 1967 kilibeba chanzo cha kuriamu-242 na vigunduzi vya silikoni vilivyopima alfa zilizorudishwa na udongo, na hakikuhitaji pampu.

Mpangilio wa kazi una adabu yake. Sampuli huingizwa, kifuniko hufungwa, pampu huwashwa, na volti hubaki sifuri mpaka kipimo cha shinikizo kitulie. Kisha volti hupandishwa pole pole. Sababu moja ni mwanga: elektroni ya silikoni hung'oka kwa elektronivolti 1.1 tu, na mwanga wa taa una zaidi ya hapo. Ukifungua kifuniko volti zikiwa juu, mwanga hupenya dhahabu na mkondo huruka ghafla, jambo ambalo amplifaya haiwezi kulifurahia. Kwa vigunduzi vinene vinavyohitaji mamia ya volti kuna na hatari ya cheche, kwani hewa iliyopungua nusunusu hupitisha umeme kwa urahisi kuliko hewa kamili. Wakati wa kufungua, mpangilio ni uleule kinyumenyume: volti kwanza, hewa baadaye, na kidole kisiguse dhahabu hata mara moja.

Vyote vikiwa sawa, makundi ya amerisiamu hutengana vizuri. Ila kuna jozi ambazo hazitatengana kwa kigunduzi hiki hata ukimaliza hewa yote ya dunia. Plutoniamu-238 hutoa alfa ya MeV 5.499, keV 13 tu juu ya amerisiamu-241, na vilele vyake huangukia juu ya vya mwenzake. Anayetaka kupima moja kwenye sampuli yenye zote mbili lazima azitenganishe kwa kemia kabla ya kufika kwenye chungu. Mashine haiwezi kumsaidia.

Na lipo jambo linalowashangaza wageni wa fani hii: ombwe linaweza kuzidi. Kiini kinapotoa alfa hurudi nyuma kama bunduki. Cha amerisiamu hurudi na nishati ya keV 93 hivi, ndogo, lakini inatosha kukirusha kutoka kwenye sahani hadi kwenye uso wa kigunduzi, kikabaki kimenata huko. Kukiwa na hewa kidogo kati yao hakifiki. Neptuniamu-237 inayotokana na amerisiamu haina madhara ya maana, kwani nusu-maisha yake ni zaidi ya miaka milioni mbili na haitoi alfa za kuonekana kirahisi. Shida huja na urani-232, ambayo wapimaji wa urani kwenye maji huitia kwenye sampuli kwa kiasi kinachojulikana ili wajue kiasi gani kilipotea wakati wa kemia. Mtoto wake ni thoriamu-228, mwenye nusu-maisha ya miaka 1.9, na nyuma yake kuna ukoo mzima wa wajukuu wanaotoa alfa.

Njia ya kujua ni kuacha chungu kitupu usiku kucha na kuangalia spektra asubuhi. Kigunduzi safi huonyesha vidoa vichache vilivyotawanyika. Kilichochafuka huonyesha vilele vilivyosimama mahali pake, na kile cha MeV 8.78, cha poloniamu-212, ndicho kisichoweza kusingiziwa kitu kingine, maana hakuna sampuli ya kawaida ya urani inayofika huko. Kinga yake ni rahisi. Huachwa hewa kidogo ndani ya chungu, ya kutoza alfa keV 10 hivi, na sahani ya sampuli hupewa volti chache hasi ili viini vinavyoruka, ambavyo huwa na chaji chanya, vivutwe nyuma. Kilele husogea kidogo na hakitanuki sana. Vigunduzi vipya vilivyotengenezwa kwa kupigilia ioni ndani ya silikoni vina uso mgumu unaoweza kupanguswa kwa pamba, na maabara nyingi zimehamia huko. Dhahabu ya kizuizi cha uso haipanguswi. Ikishanata thoriamu-228, mwenye kigunduzi husubiri miaka 1.9 ipungue nusu, na mingine 1.9 ibaki robo.